Ndoo moja iliyoisha mkono wa kwanza: kisa cha rangi kwenye lipu mpya, Uyole

Kisa hiki kinahusu nyumba ndogo ya Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, ambayo lipu yake ya ndani ilimalizika kupigwa mvua za masika zilipokuwa zinakatika, na ikaanza kupakwa rangi majuma machache baadaye, mwanzoni mwa kipupwe. Sehemu zilizopakwa zilikuwa sebule moja na vyumba viwili vya kulala, zote zikiwa na dari ya jipsamu. Mama mwenye nyumba alinunua ndoo moja ya lita 20 ya emalshoni, yaani rangi ya maji, ya krimu kwa ajili ya kuta, pamoja na galoni mbili za lita 4 za rangi nyeupe kwa ajili ya dari, akiamini kwamba vinatosha mikono miwili, yaani kupaka kila uso mara mbili. Ndoo ya krimu iliisha mkono wa kwanza ulipokuwa unakamilika. Rangi ya dari ilitosha karibu yote, ikapungua tu kwenye chumba kimoja. Kwa kuwa rangi zote zilitunzwa na fundi yuleyule, upungufu mkubwa wa upande mmoja tu ulizaa tuhuma: ilisemwa kwamba sehemu ya rangi ya kuta imetoka usiku na kuuzwa. Fundi alikuwa na jibu moja, nalo ni lile ambalo wenye nyumba wengi wamelisikia na wachache wameliamini: "Mama, ukuta umekunywa."

Jibu hilo linaweza kuwa kweli na linaweza kuwa kisingizio, na uzuri wake ni kwamba linapimika. Kabla ya kulipima, lazima hesabu ya mwenye nyumba ifanywe upya, kwa sababu mara nyingi kosa huwa kwenye vipimo vya kuta na si kwenye rangi.

Sebule ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, na kila chumba cha kulala kina mita 3.5 kwa mita 3. Kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.8. Mzunguko wa sebule ni mita 18, kwa hiyo kuta zake ni mita za mraba 50.4, mzunguko wa kila chumba ni mita 13, sawa na mita za mraba 36.4 za kuta. Jumla ni mita za mraba 123.2 kabla ya kuondoa chochote. Sebule ina milango mitatu na madirisha mawili, na kila chumba kina mlango mmoja na dirisha moja. Mlango ukiwa na sentimita 90 kwa mita 2.1, na dirisha mita 1.5 kwa mita 1.2, nafasi zote zisizopakwa zinafikia mita za mraba 16.65. Hata hivyo, kingo za ndani za madirisha, ambazo hapa zina kina cha sentimita 15, nazo hupakwa, na kwa madirisha manne zinarudisha mita za mraba 3 na ushei. Hesabu ikikamilika, kuta zinabaki na mita za mraba 110 hivi: sebule karibu 43, na kila chumba 33.5. Dari, ambayo haina cha kuondoa, ni mita za mraba 41.

Vipimo vya mwenye nyumba havikuwa mbali na hivi. Alichofanya baada ya hapo ni kusoma kwenye ndoo kwamba lita moja hufunika hadi mita za mraba 12, akazidisha 110 mara mbili kwa ajili ya mikono miwili, akagawanya kwa 12 na kupata lita 18.3. Ndoo ya lita 20 ilionekana kumwachia hata akiba ya kurekebisha mikwaruzo. Hesabu haina kosa la kuzidisha wala la kugawanya; tatizo ni kwamba ile 12 ilipimwa kwenye uso wa namna nyingine.

Kiwango kinachoandikwa kwenye kopo hutokana na kiasi cha kitu kigumu kilichomo ndani ya rangi na unene wa utando unaotakiwa kubaki baada ya maji kukauka. Tuchukue emalshoni ambayo asilimia 35 ya ujazo wake ni kitu kigumu. Lita moja ikishakauka huacha mililita 350 tu ukutani, na mililita hizo zikitandazwa kwenye mita za mraba 12 zinatoa utando wa mikroni 29 hivi. Hesabu hiyo inachukulia kwamba utando wote umekaa juu ya uso laini usiofyonza, kama ukuta ambao tayari ulikuwa na rangi nzuri ya zamani. Neno "hadi" linalotangulia namba hiyo kwenye kopo si pambo. Linamaanisha kwamba hicho ndicho kiwango cha juu, na hali halisi ya ukuta huvuta kuelekea chini.

Lipu mpya ya saruji na mchanga huvuta kuelekea chini kwa njia mbili. Ya kwanza ni umbo la uso wake: lipu iliyosawazishwa kwa mbao bila kupigwa skimu, ile tabaka nyembamba ya kulainisha uso, ina chembe za mchanga zilizochomoza na vishimo katikati yake, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ukuta ina uso mkubwa kuliko mita moja ya mraba ya kioo. Ya pili, na ndiyo kubwa zaidi, ni vinyweleo vinavyobaki pale maji ya kuchanganyia yalipokuwepo. Rola ikigusa uso huo, maji ya rangi huvutwa ndani mara moja, rangi hukaza kabla haijatandazika, na fundi analazimika kuchovya tena ili aweze kuendelea. Lipu yenye mchanga mwingi au iliyokauka haraka bila kumwagiliwa hunywa zaidi. Ukitaka kuitambua, pitisha kiganja juu yake: kikitoka na vumbi la mchanga, au tone la maji likizama papo hapo badala ya kuteremka, ukuta huo usiufanyie hesabu ya 12.

Katika kisa hiki kulikuwa na jambo jingine lililoongeza ulaji. Mwenye nyumba, akiwa amesikia habari za rangi kuchakachuliwa, alikataza hata tone la maji lisiongezwe. Hofu yake inaeleweka, lakini kuna tofauti kati ya maji ya kurefusha ndoo na maji ya kufungua njia ya mkono wa kwanza. Watengenezaji wengi huruhusu mkono wa kwanza kwenye lipu ambayo haijapakwa kwa rangi iliyoongezwa maji kwa kiasi kinachotajwa kwenye kopo, ili rangi nyepesi iingie kwenye vinyweleo na kuviziba kabla ya mkono mzito kuja. Rangi isiyoongezwa maji kwenye ukuta wenye kiu hukaa juu juu kwa vipande vinene, huacha alama za maungio ya rola, na huliwa kwa wingi. Maji hayaongezi kitu kigumu, kwa hiyo lita zinazonunuliwa zihesabiwe kabla ya maji: ndoo ya lita 20 iliyoongezwa lita 2 za maji imekuwa nyepesi zaidi, lakini haijawa ndoo ya lita 22 za rangi.

Basi tukaingia kwenye kupima. Jiko la nyumba hiyo lilikuwa na lipu ya fundi yuleyule, mchanga uleule na juma lilelile, na halikuwa limepakwa. Kwenye ukuta mkavu wa jiko tulifuta vumbi kwa brashi, tukachora miraba miwili, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 1 na kimo cha mita 2. Galoni moja ya emalshoni ileile ilinunuliwa kwa kazi hiyo pamoja na kopo dogo la praima ya kuta mpya, yaani rangi ya msingi ya kuziba ukuta kabla ya rangi yenyewe. Lita moja ya emalshoni ilimiminwa kwenye jagi lenye alama na kupimwa kwa mizani ya jikoni. Ukiondoa uzito wa jagi, ilikuwa kilo 1.4, na praima nayo ilitoka hivyohivyo. Namba hiyo ni ya lazima, kwa sababu mizani husoma kilo na duka huuza lita, na rangi ni nzito kuliko maji.

Rola ilitoswa kwanza kwenye rangi na kukamuliwa, ili ile rangi inayoingia kwenye manyoya yake isihesabiwe kuwa imeliwa na ukuta. Kisha trei, rola na rangi vikapimwa kwa pamoja, mraba wa kwanza ukapakwa emalshoni isiyoongezwa maji, kama ilivyofanywa sebuleni, na vyote vikarudishwa kwenye mizani. Uzito ulipungua kwa gramu 560. Gawanya kwa 1.4 na utapata lita 0.4 kwa mita 2 za mraba, yaani mita 5 za mraba kwa lita. Mraba wa pili ulipakwa praima, nayo haikuongezwa maji kwa kuwa maelezo ya kopo lake hayakuyataka. Ilitumika gramu 350, sawa na lita 0.25, yaani mita 8 kwa lita.

Siku iliyofuata miraba yote miwili ilipakwa mkono mmoja wa emalshoni. Ule uliopata praima ulitumia gramu 280, sawa na mita 10 kwa lita. Ule ambao haukupata ulitumia gramu 350, sawa na mita 8, na ukitazamwa kwa pembeni dhidi ya mwanga wa dirisha ulionyesha mabaka, sehemu moja iking'aa na nyingine ikiwa imefifia. Hiyo ni dalili kwamba mkono wa kwanza haukuziba vinyweleo kwa usawa, na ukuta bado unakunywa huku na kuacha kule.

Tukirudi kwenye tuhuma, fundi alikuwa na kumbukumbu ambayo haikuulizwa mapema: alimimina rangi kwa jagi la lita moja na kuweka alama za mkaa nyuma ya mlango. Sebule ilipokea lita 8.5, chumba cha kaskazini lita 7, na chumba cha kusini lita 4.5, jumla lita 20. Sebule, basi, ilikwenda mita 5 kwa lita, na chumba cha kaskazini kidogo chini ya 5. Jiko, ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipunja, limetoa jibu hilohilo. Rangi haikuuzwa, iko ukutani, na kwa sehemu kubwa iko ndani ya ukuta.

Hata hivyo chumba cha kusini hakikubali maelezo hayo. Kina lipu ileile, lakini kilitumia lita 4.5 kwa mita 33.5, yaani zaidi kidogo ya mita 7 kwa lita. Mwenye nyumba aliona hapo ushahidi kwamba rangi ikipakwa vizuri inatosha, na kwamba vyumba vingine vilipakwa kwa fujo. Mimi nilikiona kama chumba cha kutilia shaka kuliko vyote. Lipu hunywa kidogo kwa sababu mbili: ama imezibwa vizuri, ama vinyweleo vyake tayari vimejaa maji. Hakuna aliyeziba chumba kile. Katika miezi ya kipupwe jua la mchana kwetu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini haupati jua kabisa, na kwa baridi ya Uyole madirisha ya chumba hicho yalikuwa yakifungwa tangu alasiri.

Kuthibitisha hilo hakuhitaji chombo cha gharama. Kipande cha plastiki angavu, chenye karibu nusu mita kila upande, kilibandikwa kwa gundi ya utepe kwenye pande zote nne katika ukuta wa kusini, na kingine katika ukuta wa jiko, vikaachwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu asubuhi. Chini ya plastiki ya jikoni hapakuwa na kitu. Chini ya ile ya chumba cha kusini kulikuwa na umande, na lipu iliyofunikwa ilikuwa imegeuka rangi na kuwa nyeusi kidogo. Karibu na sakafu, rangi mpya ilikuwa imeanza kuonyesha unga mweupe, ule munyu ambao maji hubeba kutoka ndani ya lipu na kuuacha juu yanapokauka.

Hapa ndipo uchache wa lita unapogeuka kuwa hasara. Lipu mbichi ya saruji ina ukali mkubwa wa alkali, kiasi cha pH 12 au zaidi, na ukali huo hufanya kazi palipo na maji. Hula gundi inayoshikanisha rangi, hufifisha baadhi ya rangi zilizochanganywa, na utando huanza kutoka kama maganda. Siku 28 ambazo mafundi huzitaja ni mwanzo mzuri wa kusubiri, lakini si hati ya kumaliza. Ukuta wa kaskazini wenye upepo unaweza kuwa tayari kwa muda huo, na ukuta wa kusini wa nyumba hiyohiyo ukahitaji muda mrefu zaidi. Huko Tukuyu au Njombe, ambako ukungu na baridi hukaa, ningeitegemea plastiki kuliko kalenda.

Dari inabaki kueleza kwa nini yenyewe haikuzua ugomvi. Bodi ya jipsamu ina karatasi usoni, na karatasi hiyo hunywa kwa kiasi. Kinachokunywa sana ni puti ya kwenye maungio na juu ya skrubu, ambayo ni sehemu ndogo ya dari yote. Kwa mkono wa kwanza tukikadiria mita 8 kwa lita, mita 41 zinataka lita 5.1. Kwa mkono wa pili, karatasi ikiwa imeshaziba, mita 11 kwa lita zinataka lita 3.7. Jumla ni lita 8.8, wakati zilizonunuliwa ni 8. Upungufu huo wa lita moja kasoro unalingana na dari ya chumba kimoja kukosa mkono wa pili, na ndivyo ilivyokuwa. Dosari ya hesabu ya dari ni ileile ya kuta, isipokuwa uso wenyewe ulikuwa na kiu ndogo. Pale ambapo mistari ya puti ingali inaonekana hata baada ya mkono wa pili, dawa ni kuigusa mistari hiyo kwa praima kwanza, si kuongeza mkono wa tatu kwenye dari nzima.

Swali lililobaki ni kiasi gani kingenunuliwa tangu mwanzo, na jibu lake halipendezi kama watu wanavyotarajia. Kwa njia iliyofuatwa, mikono miwili ya emalshoni ingekula lita 20 kisha 13.75, yaani karibu lita 34, na bado mabaka yangebaki kwenye hatari ya kudai mkono wa tatu. Kwa njia ya praima, kuta zingekula lita 13.75 za praima na lita 22 za emalshoni kwa mikono miwili, jumla karibu lita 36. Anayetarajia kwamba praima itapunguza jumla ya lita atashangaa. Inachofanya ni kuweka lita za bei nafuu mahali ambapo zitazama bila kuonekana, na kuziacha lita za rangi yenyewe zikae juu. Iwapo dukani kwako praima inauzwa bei sawa na emalshoni, faida ya fedha inatoweka, na kinachobaki ni usawa wa uso na kinga dhidi ya alkali, ambavyo kwa lipu mpya mimi bado ningevilipia. Kwa kila jumla ningeongeza asilimia 5 ya inayobaki kwenye rola, trei na kuta za ndoo. Kwa dari ningeweka 10, kwa kuwa rola inayopaka juu hudondosha.

Kwa nyumba hii, ambayo mkono wa kwanza umeshapita, hesabu ni ya kilichobaki. Sebule na chumba cha kaskazini vina mita za mraba 76, na kwa mita 8 kwa lita vinataka lita 9.5, ukiongeza asilimia 5 lita 10. Galoni iliyonunuliwa kwa kupimia ilibaki na zaidi ya lita 3, kwa hiyo galoni mbili zaidi zinatosha. Zichukuliwe siku moja, zenye namba moja ya toleo, na zichanganywe na lile baki kwenye ndoo tupu ya lita 20 kabla ya kuanza, maana krimu ya toleo moja na krimu ya toleo jingine zikikutana katikati ya ukuta huonekana. Kazi ianze jua likishapasha kuta na isimamishwe mapema alasiri, kwa kuwa emalshoni nyingi hazitengenezi utando mzuri chini ya nyuzijoto 10, na usiku wa kipupwe hapa huteremka chini ya hapo. Dari ya chumba kilichopungukiwa inamaliziwa kwa kopo moja la lita 1, likitumika kwa uangalifu, kwa sababu mita 10.5 kwa kiwango cha 11 zinaacha akiba ndogo mno.

Chumba cha kusini kisiguswe kwa sasa. Madirisha yake yafunguliwe mchana kutwa, munyu ufutwe kwa brashi kavu kila unapotokea, bila kuoshwa, kwa kuwa maji yanaurudisha ndani, na plastiki ibandikwe tena kila baada ya majuma mawili. Siku itakapotoka kavu, sehemu zilizolegea zikwanguliwe hadi kwenye lipu, zipigwe praima inayostahimili alkali, kisha chumba chote kipimwe upya kwa mraba mmoja wa mita 2. Lita zake zihesabiwe kutokana na kipimo hicho, kwa sababu ile 7 ya mwanzo ilitolewa na maji, na maji hayo yakishaondoka ukuta utakunywa kama ndugu zake.